Uji wa Bibi Una Nini Ndani?

Nilikuwa ndani ya matatu ya kutoka Kondele kwenda mjini Kisumu ujumbe ulipoingia. Shemeji yangu, ambaye ana duka la vyakula vya Afrika Mashariki katika mji mmoja wa Uingereza, alikuwa amenitumia picha ya swali lililoachwa na mteja kwenye ukurasa wa bidhaa. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Hii ina karanga? Mtoto wangu ana mzio."

Juu ya swali hilo palikuwa na maelezo ya bidhaa, mojawapo ya maelezo ambayo nilikuwa nimeombwa kuyaandika upya kwa ajili ya duka zima. Yalisomeka hivi:

"Uji wa bibi, kama unavyoukumbuka. Umesagwa kwa siri ya vizazi na kuchanganywa na kila kizuri kutoka shambani. Mnyweshe mwanao ladha ya nyumbani."

Niliyasoma tena, safari hii si kama mwandishi anayetafuta pa kurekebisha bali kama mzazi anayetafuta jibu. Palikuwa na bibi, palikuwa na shamba, palikuwa na vizazi.

Karanga hazikutajwa, wala kukanushwa.

Jambo hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa. Ninaandika haya nikiwa nimeshamaliza kazi ya shemeji, lakini bado nikilibishia moyoni, kwa sababu maelezo yale hayakuwa mabaya kwa vipimo vya kazi yetu. Yalikuwa mafupi, yalikuwa na mdundo, na watu walinunua.

## Kwenye kisiagi

Unga ule hufungwa na mama mmoja hapa Kisumu ambaye huchanganya nafaka mwenyewe kisha kuzipeleka kwenye kisiagi cha mtaani. Nilimwendea siku iliyofuata. Nilipomwuliza kilicho ndani ya unga, alicheka kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni siri ya biashara." Nilipomwambia habari za mtoto mwenye mzio, aliacha kucheka, akanivutia kigoda.

Vitu vyenyewe vilikuwa sita: wimbi, mtama, muhogo mkavu, soya iliyokaangwa, karanga zilizokaangwa, na omena. Omena aliziongeza kwa sababu wateja wake wa hapa, akina mama wenye watoto wadogo, huziomba zisagwe humo. Shemeji hakuwa amewahi kumwuliza, naye hakuwa ameambiwa kwamba kuna haja ya kusema. Kwake unga ulikuwa mmoja, uwe wa Nyalenda au wa Uingereza.

Hupima kwa kopo la gorogoro, kama kila mtu. Tuliazima mizani ya muuza samaki wa jirani tukapima vitu vyote upya kwa kilo, na hapo ndipo macho yalipoonekana kuwa shahidi asiyetegemewa. Gorogoro mbili za mtama zilikaribia kilo 4. Gorogoro mbili za omena, zilizoonekana kuwa rundo kubwa vilevile, hazikuzidi sana kilo 1, kwa maana omena kavu ni nyepesi na hukaa kwa mapengo. Orodha yote ilitoka hivi: wimbi kilo 8, mtama kilo 4, muhogo kilo 3, soya kilo 2, karanga kilo 2, omena kilo 1.

Jumla kilo 20, na ndani yake vitu vitatu ambavyo sheria ya huko hairuhusu vifichwe.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, ambayo Uingereza iliendelea kuitumia hata baada ya kujitoa, ina orodha ya vyakula 14 vinavyosababisha mzio. Karanga zimo, soya imo, samaki wamo. Kwenye orodha ya viambato majina yake lazima yakolezwe ili yaonekane haraka, na viambato vyote vipangwe kwa uzito, kilicho kizito zaidi kikitangulia. Anayeuza kupitia mtandao hawezi kungoja mteja ausome mfuko baada ya kuupokea. Habari hizo lazima zipatikane kabla mteja hajakamilisha ununuzi. Kwa hiyo yale maelezo ya "kila kizuri kutoka shambani" hayakuwa pambo lililokaa pembeni ya biashara. Yalikuwa yamekalia nafasi ya taarifa.

Nilimpigia shemeji jioni ileile. Alimjibu mteja kwamba unga una karanga, akauondoa mtandaoni na kwenye rafu, akatoa taarifa kwa mamlaka ya eneo lake, kisha akawaandikia wote walioununua. Hakufurahi. Aliniambia, "Shemeji, nilikupa kazi ya kuongeza hisia, wewe umeniondolea bidhaa." Nilinyamaza, maana lilikuwa neno la kweli.

## Bibi yupi?

Shaka iliyofuata ilitoka kwa mama yangu mzazi, Butere, wala hakujua kwamba ananipa shaka. Nilikuwa nikimsimulia mambo ya soya na omena, akaniuliza kwa mshangao ni nani anayekunywa uji wenye samaki.

Kwao, aliniambia, uji ulikuwa wimbi na muhogo. Mwaka ambao wimbi limekuwa adimu, mtama. Muhogo ulivundikwa kwanza, ukakaushwa juani, ukasagwa pamoja na wimbi, na uji wake ulikuwa na uchachu wa mbali ambao hakuna sukari iliyoweza kuuficha. Soya aliifahamu akiwa tayari ana watoto, kutoka kliniki, alipofundishwa kuchanganya unga wa mtoto asiyeongezeka uzito. Karanga vivyo hivyo. Zililiwa siku zote, zilitwangwa zikatiwa kwenye mboga, lakini kwenye uji zilikuja na muuguzi.

Hapo nikaona kwamba maelezo ya dukani yalikuwa yakiuza vitu viwili kwa jina moja. Picha iliyochorwa ilikuwa ya uji wa mama yangu na mama yake. Kilichokuwa ndani ya mfuko kilikuwa uji wa lishe, ambao ni chakula chema na ambao watu wengi wa rika langu wamelelewa nao, lakini mwalimu wake ni kliniki, si bibi. Mteja aliyekuwa akitafuta ule uchachu wa mbali aliupika unga ule, akaonja ukaango wa soya na mafuta ya karanga, na huenda akadhani kwamba kumbukumbu yake ndiyo iliyoharibika. Sijui ni dharau gani kubwa kuliko hiyo unayoweza kumfanyia mtu aliye mbali na kwao.

Tena, si kila aliye ughaibuni alikulia kwenye moshi wa kuni. Rafiki yangu aliyekulia Langalanga, Nakuru, anasema uji anaoukumbuka ni wa kikombe cha plastiki shuleni, wenye madonge, uliopikwa kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Kibuyu hajawahi kukishika. Humu Kisumu wapo wanaokamulia ndimu kwenye uji na kuona ajabu kwamba kuna watu hawafanyi hivyo. Mwandishi anayeandika "nyumbani" bila kusema ni nyumbani kwa nani humwachia msomaji kazi ya kujaza, na wasomaji wengi wakijaza wanagundua kwamba si kwao.

Nilimshauri shemeji auze unga wa aina mbili.

Alikataa, kisha akakubali baada ya siku chache, kwa sababu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na bibi yangu. Ilikuwa ni omena. Samaki wanaoingizwa Uingereza kibiashara wanatakiwa kutoka kwenye kiwanda kilichoidhinishwa na kuambatana na cheti cha afya, na unga uliosagiwa samaki kwenye kisiagi cha mtaani hauna njia ya kukipata. Omena iliondoka kwa ajili ya karatasi, si kwa ajili ya ladha. Zikabaki kilo 19 za uji wa lishe, na kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa umeshaguswa, ilikuwa rahisi kumwomba mama wa unga asage na ule wa wimbi na muhogo peke yake.

## Neno "mwanao"

Niliamini kwamba baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa ya lugha tu. Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya uji wa lishe, na nilikuwa nimeiacha sentensi moja ya zamani kwa kuwa niliipenda: "Mnyweshe mwanao ladha ya nyumbani." Mtaalamu wa lebo ambaye shemeji alimlipa kwa saa moja aliizungushia mduara mwekundu.

Sababu yake ilinichukua muda kuielewa. Unga wa nafaka unaouzwa kwa watu wote una viwango vyake vya sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo sisi huku tunaifahamu zaidi kutokana na mahindi yaliyoanikwa vibaya. Kiwango cha aflatoksini B1, mojawapo ya sumu hizo, kinachoruhusiwa kwenye nafaka na karanga za kuliwa moja kwa moja ni mikrogramu 2 kwa kilo. Lakini chakula cha nafaka kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga na wadogo, yaani walio chini ya miaka mitatu, kina kiwango chake, nacho ni mikrogramu 0.1, mara ishirini chini yake. Kina pia kanuni zake za virutubishi na za lebo. Nawe hukiingizi chakula kwenye kundi hilo kwa kubadilisha unga. Unaweza kukiingiza kwa maneno unayokiuzia na picha unayoiweka mbele.

Yaani neno moja la upendo lingeweza kuuhamisha unga uleule kutoka kundi moja la sheria hadi jingine, ambalo mama wa unga, mwenye turubai lake la kuanikia, hana uwezo wa kulifikia.

Karanga ndizo zilizomtia hofu zaidi yule mtaalamu, na nadhani alikuwa na haki. Karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyoshambuliwa kwa urahisi na kuvu wanaotoa sumu hiyo, na ukiisha kuzikaanga na kuzisaga huwezi tena kuiona ile iliyosinyaa au iliyobadilika rangi ukaitupa. Uchambuzi wote lazima ufanyike kabla, punje kwa punje, na baada ya hapo kipimo cha maabara kwa kila shehena. Zina tatizo jingine la kawaida zaidi: mafuta yake huharibika. Unga wenye karanga uliokaa wiki nyingi ndani ya kontena lenye joto hupata harufu ya mafuta ya kupikia yaliyorudiwa mno, na uji wake huacha uchungu nyuma ya ulimi hata ukitiwa sukari. Wateja wawili walikuwa wamelalamika kuhusu uchungu huo zamani, wakajibiwa kwamba ndiyo ladha ya asili.

Niliiondoa sentensi. Nakiri kwamba nilijaribu kwanza kuiokoa kwa kusema "familia yako" badala ya "mwanao", na mtaalamu akaniambia kwamba hiyo inafaa, mradi picha ya mtoto mchanga nayo iondoke.

## Damu na presha

Hili nitalipita haraka kwa sababu halikunipa shaka yoyote. Maelezo ya zamani ya duka zima yalikuwa yamejaa tiba: wimbi linaongeza damu, mtama unashusha presha, mboga ya osuga iliyokaushwa inatibu sukari. Kanuni ileile ya 1169 inakataza kusema kwamba chakula kinazuia au kuponya ugonjwa. Unachoweza kusema, kwa mujibu wa Kanuni ya 1924 ya mwaka 2006, ni kwa mfano kwamba unga ni "chanzo cha kalsiamu", ikiwa kila gramu 100 zina angalau miligramu 120 zake, na kiasi hicho kiandikwe kwenye jedwali la virutubishi. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazozila na hukivuka kiwango hicho vizuri. Lakini mchanganyiko wenye muhogo ndani yake lazima upimwe wenyewe. Muhogo hupunguza.

Kwa maoni yangu, hata pasingekuwa na sheria, maneno ya tiba yangefaa kuondoka. Mtu anayeutamani uji hahitaji kuambiwa kwamba ni dawa, na anayetafuta dawa hapaswi kupewa uji.

## Kilichobaki cha kuandika

Nilipokwisha kuondoa siri, bibi, mwanao na damu, nilibaki na ukurasa mtupu na hofu kwamba shemeji angeniambia nimemwandikia ripoti. Nilirudi jikoni nikaupika ule wa wimbi na muhogo, huku nikiandika tu ninachokiona.

Kwanza niliukoroga unga kwa maji baridi kwenye bakuli hadi ukawa laini kama rangi, kwa sababu unga mkavu ukitupwa kwenye maji yanayochemka hufunga madonge papo hapo. Kisha nikaumimina polepole kwenye maji yaliyochemka huku mwiko ukizunguka. Gramu 100 kwa lita moja ya maji zilitosha. Kwa dakika chache za mwanzo ulikuwa mwepesi na rangi yake ya kijivu, nami najua kwamba hapa ndipo wapishi wengi huongeza unga bila sababu. Ulipokolea, rangi iliingia wekundu wa udongo, mapovu yakaanza kupasuka kwa uzito, na uchachu wa muhogo ukapanda na mvuke. Ulipotulia kwenye kikombe ulijifunga utando juu.

Utando ule ndio ulionipa sentensi ya kwanza. Niliwahi kugombana na dada yangu kwa ajili yake, yeye akiutaka, mimi nikiutoa kwa kidole. Sikuuweka ugomvi wetu kwenye maelezo, kwa kuwa ni wetu. Niliuweka utando, kwa sababu kila aliyekunywa uji moto anaujua, awe wa Butere, wa Langalanga au wa Nyalenda, na kila mmoja ana la kusema juu yake. Haya ndiyo maelezo yaliyotumika, ambayo yapo pia kwa Kiingereza, kwani viambato vyenyewe sheria inavitaka kwa lugha hiyo:

"Unga wa uji wa wimbi na muhogo. Wimbi (asilimia 70), muhogo uliovundikwa na kukaushwa (asilimia 30). Hauna sukari wala maziwa. Koroga gramu 100 kwa maji baridi kwanza, kisha umimine kwenye lita moja ya maji yanayochemka na uuchemshe kwa moto mdogo dakika 15. Mwanzoni utaonekana mwepesi: usiongeze unga, subiri. Una uchachu kidogo kutokana na muhogo; anayependa ukali zaidi akamulie ndimu. Ukiuacha kwenye kikombe utafunga utando, na hilo mtaamua wenyewe."

Asilimia hizo hazikuwa hiari yangu. Ukiitaja nafaka kwenye jina la bidhaa, unatakiwa useme ni kiasi gani. Uji wa lishe ulikuwa na aibu yake hapo: mfuko wa zamani ulikuwa na suke kubwa la wimbi mbele, na hata baada ya omena kuondoka, wimbi lilikuwa asilimia 42 tu. Sasa jina lake ni unga wa uji wa nafaka, muhogo, soya na karanga, na maelezo yake yanaanza na ukweli kwamba ni uji wa aina inayofundishwa kliniki, mzito, wenye ladha ya karanga zilizokaangwa. Shemeji alidhani jina refu hivyo litaua mauzo. Anasema yamepungua kidogo, na kwamba malalamiko ya uchungu yamekoma tangu aanze kuagiza kidogokidogo.

## Mashine ni ileile

Kuna jambo moja ambalo hatujalimaliza.

Unga wa wimbi na muhogo husagwa kwenye kisiagi kilekile kinachosaga karanga za uji wa lishe, pamoja na chochote ambacho mtaa mzima huleta siku hiyo. Mama wa unga sasa hufika alfajiri kabla ya wateja wengine, husaga kwanza kilo chache za mahindi ili kusukuma mabaki, huyaweka kando kuwa chakula cha kuku, kisha ndipo husaga wimbi. Nilikwenda kuangalia. Mawe yalionekana safi, lakini kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga palikuwa na tabaka la mafuta lililokauka kwenye mshono, na nilipolikwaruza kwa ukucha lilinukia karanga.

Mfuko wa kitambaa umebadilishwa, na wa wimbi ni wake peke yake. Hata hivyo chini ya maelezo ya uji wa wimbi nimeandika kwamba unaweza kuwa na chembe za karanga, soya na samaki, kwa kuwa husagwa kwenye mashine inayotumika kwa vyakula hivyo. Shemeji anataka sentensi hiyo ishushwe hadi mwisho kabisa, chini ya maelezo ya usafirishaji, kwa hoja kwamba inawatisha watu kabla hawajafika kwenye utando. Mimi ninataka ikae mara tu baada ya viambato, kwa herufi za ukubwa uleule. Kwa sasa imekaa ninapotaka, na kila Jumatatu ananiuliza kama nimebadilisha mawazo.

Bei ya kisiagi kidogo cha umeme, cha kutumiwa na mama wa unga peke yake, tumeshaiulizia. Tunasubiri kujua kama atakubali kukilipia pole pole kutoka kwenye unga wenyewe.